Usihesabu Kazi, Soma Jinsi Zilivyoisha

Itifaki imezingatiwa. Wenzangu maafisa utumishi, wamiliki wa maghala na viwanda mliotoka Kizota, Kibaigwa na Singida, na ninyi vijana mnaoanza kazi ya rasilimali watu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie usaili, lakini naomba nirudi hatua moja nyuma, pale mezani, kabla hujamwita mtu yeyote. Una bahasha za maombi mbele yako, una nafasi ya kujaza, na unajiuliza: huyu anafaa ajira ya kudumu, au mkataba wa mradi, au nafasi ya muda ya kuziba pengo? Jibu halijaandikwa popote kwenye wasifu. Limo katika mpangilio wa kazi zenyewe: ipi ilikuwa ya aina gani, ikafuatwa na ya aina gani, na kila moja iliishaje.

Nilijifunza hili kwa kukosea. Mwaka 2011 nilikuwa afisa utumishi wa kampuni moja ya kununua mazao hapa mkoani, na tulitafuta mtunza ghala wa kudumu. Wakabaki waombaji wawili. Mmoja alikuwa na mstari mmoja tu wa kazi, miaka mitatu mahali pamoja, kaandika "ajira ya kudumu". Wa pili alikuwa na mistari sita, yote ya miezi mitatu mitatu au minne. Nikamwandika wa kwanza bila hata kumwita wa pili. Baada ya miezi 9 aliondoka, na alipokuwa ananikabidhi funguo ndipo aliponieleza kwamba ile miaka mitatu ilikuwa mikataba mitatu ya mwaka mmoja mmoja, na wa nne hakupewa. Nikarudi kwenye jalada nikaitoa karatasi ya yule wa pili. Mistari minne kati ya sita ilikuwa ya ghala moja. Walimwita msimu wa kwanza wa alizeti, wakamwita wa pili, wa tatu na wa nne. Nilikuwa na mtu ambaye mwajiri wake alimrudia mara tatu, mimi nikamsoma kama mtu wa kuhamahama, kwa sababu nilihesabu mistari.

Naomba tuelewane kwanza kwa nini wasifu za watu wa huku zina mistari mingi mifupi. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, kazi nyingi zilizokuja na mji huu zilikuja na tarehe ya mwisho. Ujenzi wa Mtumba ulikuwa na tarehe ya mwisho. Reli ya kisasa kati ya Morogoro na Makutupora nayo ilichukua mafundi, watunza stoo na makarani kwa mikataba inayoisha kipande cha kazi kinapoisha. Miradi ya maji, lishe na afya huendeshwa kwa fedha za wafadhili zenye miaka miwili au mitatu ndani yake. Mwaka 2022 ilikuwepo sensa, na maelfu ya vijana wakafanya kazi ya wiki chache. Alizeti ina msimu wake, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mtu anaweza kufanya kazi kwa bidii Dodoma miaka minane bila kupewa nafasi ya kudumu hata mara moja.

Kwa hiyo aina ya ajira iliyoandikwa kwenye mstari inakuambia kwanza habari za mwajiri na fedha zake. Habari za mwombaji zinapatikana kwingine: jinsi alivyotoka, kama aliitwa tena, na zile mara chache ambazo yeye mwenyewe alikuwa na uchaguzi.

Kabla ya kusoma mpangilio inabidi uwe na hakika ya maneno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inatambua mikataba ya aina tatu: wa muda usiotajwa, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Ila mwombaji haandiki kwa lugha ya sheria. Anaandika kwa lugha ya kijiweni, na haina maana kumlaumu. "Kudumu" kwake inaweza kuwa mkataba wa mwaka unaohuishwa kila Januari. "Mkataba" inaweza kuwa ajira ya kudumu kabisa, ila tu alipewa karatasi ya kusaini, tofauti na deiwaka. "Kujitolea" inaweza kuwa miezi sita ya kazi kamili kwa posho ya nauli. Halafu wapo walioajiriwa na wakala na kupelekwa kwenye kampuni kubwa. Hawa huandika jina la kampuni kubwa, kwa sababu ndiko walikokaa siku zote, na wala si kwamba wanadanganya.

Kuna kosa jingine dogo linaloharibu kila kitu, nalo ni miaka isiyo na miezi. "2019 hadi 2020" inaweza kuwa Januari 2019 mpaka Desemba 2020, yaani miezi 24. Inaweza pia kuwa Desemba 2019 mpaka Januari 2020, yaani miezi miwili. Hapo hakuna mpangilio wa kusoma. Mpigie mwombaji simu umwombe miezi. Nimewahi kuona meneja akimkataa mtu kwa sababu ya "pengo la mwaka mzima" ambalo tulipoweka miezi lilikuwa wiki tano.

Sasa nawaonyesha ninavyofanya. Nachukua kalamu, na pembeni ya kila mstari naandika herufi moja: K kama ilikuwa ya kudumu, M kama ni mkataba wa mradi au wa miaka, na S kama ni ya muda mfupi, ya msimu au ya kushikiza nafasi ya mtu. Mbele ya herufi naandika idadi ya miezi. Kisha naweka alama ya namna ilivyoisha: nukta kama iliisha tarehe iliyopangwa, mkato kama iliisha kabla. Mwisho nazungushia duara kila mwajiri anayejitokeza zaidi ya mara moja. Dakika tano kwa karatasi moja zinatosha.

Mkato ndio unaohitaji akili. M yenye nukta ni mtu aliyemaliza alichosaini. M yenye mkato ni mtu aliyetoka njiani, ama kwa hiari yake ama kwa kukatwa. K haina tarehe ya mwisho, kwa hiyo kila K iliyoisha ina mkato, na swali ni nani aliyekata. Hapo idadi ya miezi inasaidia. K iliyoisha baada ya miezi mitatu au sita inanifanya nifikirie kipindi cha majaribio: huenda hakuthibitishwa, au huenda yeye ndiye aliyeona mahali pale hapamfai. Yote mawili naweza kuyauliza, lakini siwezi kuyajua kwa kuitazama karatasi.

Tuchukue mfano. Nimebadilisha walikotoka na mambo mengine madogo ili wahusika wasijulikane, ila mpangilio ni uleule. Ilikuwa Machi 2025. Biashara moja ya kukamua alizeti ilikuwa na nafasi tatu kwa mpigo. Ya kwanza ni mhasibu msaidizi wa stoo, ajira ya kudumu. Ya pili ni msimamizi wa kufungua vituo viwili vya kununulia, kimoja Bahi na kimoja Chemba, mkataba wa miezi 14. Ya tatu ni kushika nafasi ya karani wa mauzo anayekwenda kujifungua. Likizo ya uzazi ni siku 84, naye alitaka kuunganisha na likizo yake ya mwaka ya siku 28, jumla siku 112, yaani wiki 16 kamili.

Mwenye biashara alikuwa ameshapanga karatasi kwa akili yake. Kwenye nafasi ya kudumu aliweka juu kijana wa Manyoni. Mama mmoja wa Mpwapwa alikuwa amemweka chini kabisa, na pembeni ya jina lake ameandika kwa penseli: "kazi saba, miaka minane".

Basi tukaanza na huyo mama, na nitakaa kwake kidogo. Mstari wa kwanza ni Februari hadi Julai 2017, kujitolea kwenye ofisi ya halmashauri, miezi 6. Wa pili, Agosti 2017 hadi Julai 2019, mhasibu msaidizi wa mradi wa maji, mkataba wa miezi 24, umeisha siku yake. Oktoba 2019 hadi Machi 2020 yuko kwenye ghala la mazao, kazi ya muda, miezi 6. Juni hadi Novemba 2020 ni miezi 6 mingine ya muda, ghala lilelile. Januari 2021 hadi Desemba 2022, mkataba wa miezi 24 na lile shirika la mradi wa maji, safari hii kwa mradi mwingine. Mwaka 2023 wote ni nyongeza ya miezi 12, shirika hilohilo. Februari 2024 anaanza mkataba mpya wa miezi 24 na shirika jingine, na Januari 2025 unakatika, ukiwa umefika miezi 12 tu.

Jumlisha. Miezi 6, 24, 6, 6, 24, 12 na 12 ni miezi 90 ya kazi. Kutoka Februari 2017 hadi Januari 2025 ni miezi 96. Mapengo yake yote kwa miaka minane ni miezi 6, na hakuna hata moja lililozidi miezi 2. Kazi ni saba, lakini waajiri ni wanne. Mmoja alimrudia mara mbili, mwingine mara moja. Nukta ni sita, mkato ni mmoja. Na huo mkato wa Januari 2025 wengi humu ndani mnaufahamu, maana ndio wakati Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na miradi mingi ikafungwa ndani ya siku chache. Ukiona M iliyokatika Januari, Februari au Machi 2025, uliza kwanza fedha za mradi zilitoka wapi kabla ya kuuliza tabia ya mtu.

Mwenye biashara akaniambia, "Lakini Mama, hajawahi kukaa na mtu." Nikamjibu kwamba hajawahi kupewa nafasi ya kukaa. Sehemu yoyote aliyopewa tarehe ya mwisho aliifikia, na walipopata kazi nyingine wakamkumbuka. Kwa ajira ya kudumu hiyo naiona kuwa dalili yenye nguvu kuliko neno "kudumu" lenyewe, kwa sababu anayekurudisha kazini ni mtu aliyekuona ukifanya kazi, na ana uhuru wote wa kuchukua mwingine.

Ila kuna kitu ambacho mpangilio wake haukuweza kunionyesha, nami nilimweleza mwenye biashara wazi. Muda mrefu zaidi alioungana nao na mwajiri mmoja bila kukatika ni miezi 36, kutoka 2021 hadi 2023, tena kwa mikataba miwili. Mtu aliyezoea kazi yenye mwisho huwa na mwendo wake: anasukuma, anafunga hesabu, anakabidhi. Kazi ya stoo isiyo na mwisho inamtaka afunge mwezi, kisha mwezi mwingine, na kazi yenyewe haifungwi kamwe. Kuna wanaoichoka. Hilo hulioni kwenye karatasi, lazima uliulize.

Na hatukumuuliza "utakaa nasi muda gani?", kwa sababu kila mtu hujibu milele. Tulimuuliza juu ya mara ile aliyokuwa na uchaguzi. Kati ya Desemba 2023 na Februari 2024 kulikuwa na pengo la mwezi mmoja: ile kazi ya mwisho aliipata lini? Akasema aliitwa Oktoba, nyongeza yake ikiwa bado na miezi miwili, akawaomba wamsubiri afunge hesabu za mradi, wakakubali. Tukampigia mdhamini aliyemwandika kutoka mradi ule. Akatuambia kwamba ripoti ya mwisho ya fedha ilisainiwa na mama huyu wiki ya tatu ya Desemba. Jibu hilo moja lilikuwa na uzito kuliko ahadi yoyote ambayo angeweza kuitoa chumbani.

Sasa kijana wa Manyoni, yule aliyekuwa juu ya rundo. Karatasi yake ilikuwa safi: kazi nne, zote za kudumu, bila pengo. Nikaweka herufi na miezi: K 13, K 11, K 14, K 12. Waajiri wanne, hakuna duara, mikato minne. Neno "kudumu" lilikuwa limemfunika. Kwa vitendo ni mtu anayekaa mwaka mmoja.

Hapa naomba tusikimbilie kumhukumu. Mtu anayetoka kila mwaka kwenye kazi ya kudumu anaweza kuwa amekutana na waajiri wasiolipa, na wapo. Tulimwomba alete taarifa yake ya michango ya NSSF. Ni taarifa yake mwenyewe, kwa hiyo aiombe yeye na ailete kwa hiari yake, usiifuatilie mgongoni kwake. Taarifa ile inaonyesha jina la mwajiri aliyechangia na mwezi baada ya mwezi. Kama mtu aliacha kazi Juni na michango ilikoma Machi, mara nyingi una mwajiri aliyeshindwa kulipa, na mkato ule si wa mfanyakazi. Kwa huyu, michango ilikwenda mpaka mwezi wa mwisho kwa waajiri wote wanne. Na kwa kuwa kila alipotoka alianza kwingine bila pengo, maana yake aliondoka akiwa na kazi mkononi. Alikuwa anachagua.

Kisha nikasoma alichoandika chini ya kila kazi, na nikaona kitenzi kimoja kinarudi: alianzisha. Alianzisha leja ya stoo. Alianzisha tawi. Alianzisha utaratibu wa stakabadhi kwa wakulima. Hakuna mahali ameandika kwamba alisimamia kitu kilichokwisha kusimama. Tulipomwita alisema mwenyewe, tena bila kusukumwa, kwamba kazi ikishakaa sawa anaanza kuangalia pembeni. Huyo ndiye mtu wa kufungua vituo vya Bahi na Chemba. Ukimpa ajira ya kudumu ya stoo, Machi inayofuata unatangaza nafasi upya.

Angalieni lakini hesabu: wastani wa kukaa kwake ni miezi 12 na nusu, na mkataba ni miezi 14. Tofauti hiyo ndogo ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu angeweza kuondoka mwezi wa 12 wa mkataba, vituo viko wazi na hesabu hazijafungwa. Hatukuiacha kwa matumaini. Tulimweleza mbele yake kwamba tumeliona hilo, tukaweka kiinua mgongo kinacholipwa mkataba ukikamilika, na tukapanga makabidhiano ya kituo cha kwanza yafanyike mwezi wa 8 wa mkataba, siyo mwisho. Alikubali bila ubishi. Nadhani alifurahi kwamba kuna mtu amemsoma alivyo.

Nafasi ya tatu, zile wiki 16. Kwenye nafasi ya muda watu hukosea kinyume: hudhani yeyote anafaa kwa kuwa ni ya muda. Kumbe wiki 16 hazina nafasi ya kujifunza taratibu. Mtu akichukua wiki 5 kuelewa mashine ya risiti na majina ya wateja, umepoteza karibu theluthi ya muda wote. Kwa hiyo hapa natafuta S nyingi zenye nukta, na hasa zenye duara.

Tulikuwa na binti wa Kondoa, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2021. Karani wa sensa 2022. Mpima mizani kwenye kituo cha zabibu Februari na Machi 2023, na kituo kilekile tena Februari na Machi 2024. Katikati ya 2023, miezi 4 ya kushika nafasi ya mhudumu wa kaunta aliyekuwa likizo. Mwaka 2024, uandikishaji wa wapiga kura. Zote nukta, na duara kwenye zabibu. Mtu huyu ameingia mahali pageni mara nyingi, akaanza kazi siku ya pili, akakabidhi akatoka. Huo ni ujuzi, na haufundishwi darasani.

Pembeni yake alikuwepo mwombaji mwenye K moja ya miaka sita ambayo bado inaendelea, anaomba wiki 16. Mwenye biashara alivutiwa naye. Mimi nilisita. Mtu anayeacha ajira ya kudumu iliyo hai kwa kazi ya wiki 16 ama ana sababu nzuri ambayo hajaiandika, ama hajalielewa tangazo. Tulimpigia. Alidhani baada ya wiki 16 atathibitishwa. Tungemchukua tungemharibia maisha. Na kwenye mikataba mirefu zaidi ya hapo ungejipeleka mwenyewe kwenye mgogoro, kwa sababu mfanyakazi aliyefanywa aamini kwa msingi kwamba mkataba wake utahuishwa anaweza kudai kwamba kutouhuisha ni kumwachisha isivyo halali. Na ukimwacha aendelee na kazi baada ya tarehe kupita, unaweza kuhesabiwa kuwa umeuhuisha kwa kunyamaza.

Jambo moja juu ya binti wa Kondoa, na juu ya vijana wengi wa hapa. Mtu mwenye S nyingi Dodoma mara nyingi ana ombi lake kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na huenda amefaulu usaili akabaki kwenye kanzidata akisubiri kupangiwa. Simu ikija, ataondoka, na ana haki ya kuondoka. Usimnyime kazi kwa hilo, muulize. Tulimuuliza, akasema ndiyo, yupo kwenye kanzidata tangu mwaka jana. Ukweli huo ulitufaa kuliko angeuficha.

Na kuna mapengo ambayo usiyaguse kabisa. Ukiona pengo la miezi minne kwenye wasifu wa mwanamke, usianze kuuliza watoto. Sheria inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito, kwa jinsia au kwa hali ya ndoa, na pengo lile halikuambii lolote juu ya nukta na mikato yake. Hoji mkato unaohusu kazi, pengo liache.

Mwisho wa uhakiki, cheti cha utumishi. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma, lakini wengi hawapewi na hawajui kukidai. Kama kipo, linganisha tarehe zake na za wasifu. Kama hakipo, usikifanye kuwa kosa la mwombaji, tumia barua ya mkataba au ile taarifa ya NSSF. Kwa wale wa wakala, jina la mchangiaji litakuonyesha mara moja kwamba mwajiri alikuwa wakala, na kwamba kuhamishwa kutoka kampuni A kwenda kampuni B hakukuwa mkato hata kidogo. Nimeona karatasi yenye mikato mitano ikageuka kuwa mwajiri mmoja wa miaka minne.

Kwa hiyo Machi ile tulimwandika mama wa Mpwapwa kwenye stoo, kijana wa Manyoni kwenye vituo, na binti wa Kondoa kwenye kaunta. Kwa yule binti tulifanya jambo moja la ziada kwa sababu ya kanzidata: tangu wiki ya kwanza tulimwekea msaidizi kutoka idara ya mizani, kila Ijumaa saa kumi, ajifunze naye mashine ya risiti na daftari la wateja wa mkopo. Simu ya kupangiwa kazi ilikuja wiki ya 11. Alitoa taarifa siku hiyohiyo na kukaa siku zilizobaki za wiki akikabidhi. Zilibaki wiki 5. Yule wa mizani alizimaliza, na karani mwenyewe aliporudi na mtoto wake akakuta daftari la mikopo limefungwa mpaka jana yake.